Kosa na Kukosea: Mtu Aliyedhani na Mtu Asiyejua

Wahenga wetu walisema kwamba kufanya kosa si kosa, bali kosa ni kurudia kosa. Tumeizoea methali hii hata hatuoni tena mzaha uliomo ndani yake, kwamba neno moja linajikana na kujithibitisha katika pumzi moja. Kiswahili kimelibebesha neno hili mizigo miwili. Aliyelenga shabaha isimpate amekosa. Aliyeshika njia isiyo yake amekosea. Na aliyeua, aliyeiba au aliyechoma nyumba ya jirani, naye tunamwambia ametenda kosa, na polisi humwandikia kosa la jinai. Lugha imewaweka chini ya paa moja mtu aliyepotewa na mtu aliyepotoka. Sheria haina budi kuwatenganisha, na hapo ndipo lilipo swali la makala haya: je, mtu aweza kutenda kosa kwa kukosea tu? Na kama kukosea kwaweza kumwokoa, ni kukosea kupi kunakookoa na kupi kusikookoa?

Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa kwa ajili ya Tanganyika mwaka 1930 na ambayo hadi leo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo sheria kuu ya jinai ya Tanzania Bara, inalijibu swali hili katika vifungu vifupi vilivyokaa karibu karibu. Kifungu cha 8, kwa hesabu iliyozoeleka mahakamani, kinasema kwamba kutojua sheria si udhuru, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imetamka wazi kuwa kuijua ni sehemu ya kosa. Kifungu cha 11 kinasema kinyume chake kuhusu mambo yalivyo: mtu akitenda huku akiamini kwa moyo safi, na kwa sababu za busara, kwamba hali ni hivi, ilhali sivyo, hawajibiki zaidi ya vile ambavyo angewajibika lau hali ingekuwa kweli kama alivyoamini. Baina ya vifungu hivyo viwili kimo cha 9, ambacho nitakirudia, kwa kuwa kinafungua mlango ambao wengi hawajui kama upo.

Ili tusipotee katika maneno, hebu tumweke mtu mahali fulani. Mbebe ni kata ya wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, kusini magharibi ya nchi yetu, katika wilaya ambayo mto Songwe unaitenga na Malawi. Tumfikirie mkulima wa huko, mtu wa kubuni tusiyempa jina, ambaye mahindi yake yamekomaa na kwa usiku wa tatu sasa yanaliwa. Amelala dunguni na mkuki wake. Hakuna mwezi. Katikati ya usiku anasikia mabua yakivunjika, anaurusha mkuki kwenye mtikisiko, na kinachojibu ni sauti ya binadamu. Asubuhi kuna maiti shambani, na mkulima yuko mikononi mwa polisi.

Swali la kwanza la sheria si alifanya nini, kwa maana hilo linaonekana. Swali ni: katika nukta ile ya kuurusha mkuki, aliamini kuna nini gizani? Tumpe imani tatu mbalimbali, tuone namna kitendo kilekile kinavyogeuka.

Tuseme kwanza aliamini ni nguruwe pori. Lau ingekuwa kweli ni nguruwe aliye katikati ya kuyaharibu mahindi yake, asingekuwa amemuua mtu, na hakuna ambaye angemshitaki kwa damu ya binadamu. Hapo kifungu cha 11 kinasimama upande wake. Lakini tutazame kwa uangalifu, maana hapa wengi huteleza. Kuua kwa kukusudia kunahitaji nia ovu iliyotangulia, yaani dhamira ya kumuua mtu au kumdhuru vibaya, au japo kujua kwamba kitendo chaelekea kumletea mtu mauti au madhara makubwa. Aliyeamini kwa dhati kwamba mbele yake yuko mnyama hakuwa na dhamira hiyo hata chembe. Kwa hiyo shitaka zito, lile ambalo adhabu yake ni kifo, linamwanguka hata kabla hatujauliza kama imani yake ilikuwa na busara. Busara inaingia katika daraja la chini yake, la kuua bila kukusudia, ambalo msingi wake waweza kuwa uzembe uliopita kiasi, na ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Akitaka kutoka huru kabisa, haitoshi kwamba aliamini. Ni lazima imani yake iwe ya mtu mwenye akili timamu aliyekuwa mahali pale.

Na busara hiyo hupimwa kwa mambo ya kawaida. Je, aliita kwanza, akangoja jibu? Je, kando ya shamba kuna njia ipitwayo na watu usiku, naye aijua? Je, palikuwa na nyayo za nguruwe siku zilizotangulia, na majirani wameziona? Je, alikuwa na tochi asiitumie, au alikuwa amelewa? Hakimu hapimi kina cha majuto yake, wala haulizi kama marehemu alikuwa rafiki. Anapima kama giza lile lingempumbaza mtu mwingine mwangalifu kama lilivyompumbaza huyu. Wala si kazi ya mkulima kuthibitisha kwamba hana hatia. Akishaleta simulizi yenye uzito, ni juu ya upande wa mashtaka kuivunja pasipo kubakiza shaka ya maana.

Sasa tuibadilishe imani. Tuseme alidhani ni mwizi wa mahindi, kumbe ni jirani aliyepotea njia. Hapa amekosea pia, na pengine kwa sababu nzuri. Lakini sheria humhukumu kana kwamba aliloliamini ni kweli, na kweli hiyo haimsaidii sana. Mwizi wa mahindi asiyetishia maisha ya mtu haruhusiwi kuuawa kwa mkuki. Mtu ana haki ya kulinda mali yake kwa nguvu ya kadiri, na haki hiyo hufika hadi kuua pale tu palipo na hatari kubwa, kama vile hofu ya msingi ya kifo au madhara makubwa. Kwa hiyo dhana yake potofu inambeba hadi ukingoni, kisha inamwacha. Hili ndilo jambo zuri la kifungu cha 11, na ndilo lisilofahamika: hakifuti tendo, bali humhamisha mtu kutoka ulimwengu uliopo kwenda ulimwengu aliouamini, kisha humhukumu huko kwa sheria zilezile.

Imani ya tatu: tuseme alidhani ni paa, na alitaka nyama. Hana kibali cha kuwinda, na hajui kwamba kinahitajika, kwa kuwa babu yake aliwinda na baba yake aliwinda. Kwa damu ya mtu, hali yake ni ileile ya yule wa nguruwe. Lakini katika ulimwengu ule alioamini yumo, yeye ni mwindaji asiye na kibali, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imelifanya hilo kuwa kosa. Akisema, “Sikujua,” anajibiwa kwa kifungu cha 8. Usiku mmoja, mkuki mmoja, na ndani ya kifua kimoja zimelala dhana mbili: moja juu ya kilichopo gizani, nyingine juu ya kinachoruhusiwa duniani. Ya kwanza yaweza kumwokoa. Ya pili haimwokoi.

Kwa nini iwe hivyo? Wanafalsafa wa sheria wametoa majibu. John Austin, Mwingereza wa karne ya 19, alisema kwamba mahakama zingezama zikianza kuchunguza nani alijua sheria gani, kwa kuwa kutojua ni rahisi kudai na ni vigumu kukanusha. Oliver Wendell Holmes, Mmarekani, aliandika mwaka 1881 kwamba udhuru huo ungehimiza ujinga ilhali mtunga sheria amekusudia watu wajue na watii. Na hakuficha kwamba kwa kufanya hivyo haki ya mtu mmoja hutolewa kafara kwa manufaa ya wengi. Naona lipo jibu la tatu, lililo karibu zaidi na maadili. Yule aliyedhani ni nguruwe anakubaliana nasi wote kwamba mtu hauawi. Kilichomdanganya ni macho. Yule asiyejua sheria, hata kama ni mwema, ametenda hasa alichokusudia kutenda. Tukimwachia, tumesema kwamba kila mtu ana sheria yake, nayo ni ile aliyobahatika kuisikia.

Majibu haya yana nguvu, lakini kila upande una mahali pake pagumu. Nianze na upande wa mambo yalivyo, na tuvuke mto Songwe. Ng'ambo ya Ileje ni nchi iliyoitwa Nyasaland, na mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland iliamua shauri la Mwanasheria Mkuu wa Nyasaland dhidi ya Jackson. Mshitakiwa alimuua mwanamke ambaye aliamini yu karibu kumuua yeye kwa uchawi. Hakusema kwamba hakujua kuua ni kosa. Alisema kwamba alidhani anajiokoa. Yaani alikosea juu ya jambo, si juu ya sheria. Kwa umbo, utetezi wake ulifanana na ule wa mkulima wetu wa Mbebe. Mahakama iliukataa. Ilisema imani haitoshi kuwa ya kweli moyoni, bali yapaswa kuwa ya busara, na busara hiyo ikapimwa kwa kipimo cha mtu wa kawaida wa barabarani huko Uingereza.

Kipimo hicho kinaudhi, na ni haki kiudhi. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa Nyasa anapimwa kwa hofu za mpita njia wa London, ambaye hajapata kulala usiku mmoja katika giza la huko. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kupita njia nyingine mwaka 1941, katika shauri la Fabiano Kinene lililotoka Uganda: watu waliomuua mzee waliyemfuma usiku akitambaa uchi karibu na nyumba, wakimdhania mchawi, walipunguziwa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Lakini kilichowapunguzia ni kughadhibishwa, si kukosea. Mahakama ilizihurumia hasira zao pasipo kuikubali imani yao.

Je, tuseme basi kwamba busara ipimwe kwa kijiji cha mshitakiwa? Kabla ya kusema hivyo, tumkumbuke aliyekufa. Katika nchi yetu, hasa Usukumani, vikongwe wengi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na miaka ya moshi wa jikoni. Tukikiri kwamba imani ya kijiji ndiyo busara, basi kikongwe anakuwa hana sheria inayomlinda katika kijiji kile ambako anaihitaji zaidi. Kwa hivyo Mahakama ya mwaka 1957 ilifikia mwisho ambao naweza kuukubali kwa njia ambayo siwezi kuikubali. Tofauti ya msingi haiko baina ya Uingereza na Nyasaland. Iko baina ya dhana inayoweza kusahihishwa na dhana isiyosahihishika. Mkulima aliyedhani ni nguruwe angewashiwa taa, angejua amekosea, na angeuangusha mkuki. Aliyedhani ni mchawi hakuna taa ya kumwashia. Mwanamke akinyamaza ni mchawi, akilia ni mchawi, akikana ndiyo zaidi. Sheria inapolitaka neno busara liandamane na moyo safi, naisoma kuwa inauliza hivi: je, kulikuwa na jambo lolote ambalo lingekuonyesha kwamba umekosea, na je, ulikuwa tayari kulitazama? Kipimo hicho hakihitaji kuvuka bahari.

Sasa tugeukie upande wa pili, wa kutojua sheria, ambako panauma zaidi. Kauli kwamba kila mtu anaijua sheria ni dhana ya kisheria tu. Hata mawakili hawaijui yote. Huvumilika kwa sharti moja, kwamba anayetaka kujua aweze kujua. Kwa miongo mingi sheria za Bara ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Mbebe, anayesema lugha ya nyumbani kwake na Kiswahili cha sokoni na shuleni, alichukuliwa kuwa anakijua kitabu ambacho hata angekikalia kitako asingeweza kukisoma. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwetu sisi wa kazi ya kufasiri, jambo hili si la heshima ya lugha pekee. Kifungu cha 8 kilikuwa kikimdai mtu deni bila ya kumwonyesha daftari. Kufasiri ni kumfungulia daftari. Na aliyefasiri vibaya, kwa neno ambalo hakuna mtu alisemalo, amelifunga tena.

Sharti hilo la kuweza kujua si huruma tu. Limewahi kuamua kesi. Mtu mmoja aitwaye Lim Chin Aik alishitakiwa Singapore kwa kubaki nchini ilhali waziri ametoa amri ya kumkataza. Amri ilikuwapo, lakini haikuthibitishwa kwamba aliarifiwa, wala hapakuwa na utaratibu wa kuitangaza ili mtu kama yeye aweze kuijua. Shauri lilipofika Baraza la Wafalme huko London, katika hukumu iliyochapishwa katika ripoti za mwaka 1963, alishinda. Hoja haikuwa kwamba kutojua sheria ni udhuru. Hoja ilikuwa kwamba kanuni ile haimfungi mtu kwa amri ambayo hata angeitafuta kwa bidii zote asingeipata.

Fikra hii yafaa mpakani, ambako mistari ya sheria inapita juu ya ardhi isiyo na alama. Mpaka wa mto Songwe ulipatikana katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, mkataba uleule ulioiacha Zanzibar katika himaya ya Waingereza. Wasomaji wa visiwani na wakulima wa Ileje wamegawanywa kwa kalamu moja. Huko chini, katika tambarare za Kyela na Karonga, mto huo una tabia ya kuhama, hata Tanzania na Malawi zimekuwa na mpango wa pamoja ambao moja ya madhumuni yake ni kuutuliza. Mtu akivuka kijito kikavu akiamini kwamba mto wa mpaka bado uko mbele, amekosea juu ya jambo, naye asikilizwe. Akivuka mto wenyewe kweupe, akiamini kwamba jamaa wa kando mbili hawahitaji ruhusa, amekosea juu ya sheria. Kwa macho, watu hawa wawili wana nyayo zilezile katika matope yaleyale. Na ndiyo maana mwulizaji mwema, awe polisi au hakimu, hauanzi na “Je, ulijua?” Huanza na “Ulidhani uko wapi?”

Sasa nirudi kwenye ule mlango wa katikati, kifungu cha 9. Kinasema kwamba katika makosa yahusuyo mali, mtu aliyetenda kwa kudai haki kwa moyo safi, pasipo nia ya kulaghai, hana hatia ya jinai. Tuseme ndoa imevunjika Mbebe, na mume akaenda mchana, mbele za watu, kumfungua ng'ombe aliyemtoa kuwa mahari, akiamini kwamba kwa mila ng'ombe huyo amerudi kuwa wake. Huenda amekosea, huenda baraza au mahakama itasema ng'ombe ni wa baba mkwe. Lakini aliyekosea juu ya nani mwenye mali, hata kama amekosea kwa sababu ya kutoijua sheria ya mali, si mwizi. Amrudishe ng'ombe, alipe gharama, lakini asiitwe mwizi. Tena kifungu hiki hakilitaji neno busara. Moyo safi wamtosha. Mipaka yake ni miwili. Hakimwokoi anayesema, “Nilijua ni ng'ombe wake, ila sikujua kwamba kuchukua ng'ombe wa mtu ni kosa.” Wala hakimwokoi aliyempiga baba mkwe alipokuwa akimfungua ng'ombe, kwa kuwa kupiga si kosa la mali. Moyo safi nao una dalili zake: alikwenda mchana au usiku, alitangaza au alinyemelea, alimweka ng'ombe zizini kwake au alimwuza haraka mnada wa mbali.

Tukiviweka vifungu hivi vitatu pamoja, twaona kwamba sheria haigawi kukosea kwa ukubwa wa madhara yake. Mkulima wa nguruwe ameondoa roho ya mtu na aweza kutoka huru. Mwindaji asiye na kibali huenda hajapata hata paa, na akatozwa. Inagawa kwa kuangalia ni kitu gani kilichofichika kwake. Kilichofichwa na giza, asamehewe kama alitazama. Kilichofichwa na utata wa nani mwenye nini, asamehewe kama hakulaghai. Kilichofichwa na kutojua amri ya nchi, asisamehewe, ila nchi nayo iwe imeitamka amri hiyo mahali ambapo aweza kufika, kwa lugha ambayo aweza kuisikia. Sharti hili la mwisho haliko katika maneno ya kifungu cha 8. Lakini bila ya hilo, kifungu chenyewe kingekuwa kinarusha mkuki gizani bila ya kuita kwanza.